Mwenzi Niliyepangiwa na Bibi

Niliolewa kutoka Bunda nikaletwa Musoma, kwa mume fundi viatu, katika ile miaka ambayo vijana wa kwetu walikuwa wanarudi kutoka vitani na makoti mazito yasiyofaa kwa joto la ziwa. Sikuwa na ndugu mjini. Nilichokuwa nacho ni mdomo. Ndani ya wiki chache nilikuwa najua wauza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wote sokoni na wagonjwa wa kila nyumba, na ndivyo nilivyomfikia Bibi.

Bibi alikuwa mjane, mtu wa makamo, mfupi, mwenye sauti nene kama ya mwanamume. Watu wa twarika, njia ya masufi, walimpa idhini zamani kuongoza wanawake, na kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa mjini walikusanyika chumbani kwake nyuma ya maduka: wake za mafundi cherehani, wake za wachuuzi, mama mmoja aliyekuwa anapika hotelini. Tulikaa chini kwa duara, magoti yakigusana. Tulianza na Fatiha, tukaomba msamaha kwa Mungu, tukamsalia Mtume, kisha ndiyo dhikri yenyewe: polepole, halafu juu, halafu pumzi tu, kifua kimoja kikipanda na kushuka katika watu kumi na kitu. Mwishoni Bibi alitumiminia kahawa. Siku ya kwanza nilitoka pale nikahisi miguu yangu haifiki chini. Nilicheka njia nzima hadi nyumbani. Mume wangu akauliza, "Umekunywa nini?"

Bibi alimpa kila mmoja uradi wake, dhikri ya kusoma nyumbani baada ya alfajiri. Ulikuwa mdogo mno, mpaka nikauliza kama amesahau kitu. Akasema, "Huo ndio. Usipunguze, usiongeze." Kisha akatuambia jambo ambalo sikuwa nimelisikia popote: kila mtu atakuwa na mwenzi. Mwenzi wako ndiye atakayekuuliza kila siku kama umesoma, na wewe umuulize. Ukiumwa, yeye ndiye anayekuja kukuchotea maji. Ukibadilika tabia, anakwambia wewe mwenyewe, hamwambii jirani. Na ukiota ndoto kubwa humsimulii mtu yeyote sokoni. Unamwambia mwenzi wako, au Bibi, basi.

Mimi nilishamchagua wangu moyoni, mke wa fundi cherehani, mpole, anayecheka nikicheka. Bibi akanyoosha kidole upande mwingine kabisa.

"Wewe na yule."

Yule alikuwa mshona kofia, mke wa dereva wa lori la pamba, jirani yangu wa ukuta mmoja. Mwembamba, msafi, kimya. Nilikuwa nimekaa naye ukuta mmoja tangu nifike na sikuwa nimewahi kuyaona meno yake.

Nilimfuata Bibi jikoni. "Bibi, huyu hatutawezana. Mimi nitamchosha na yeye ataniua kwa ukimya."

"Ndiyo," alisema Bibi, akipanga vikombe. "Yule uliyemtaka angekusifu. Mkasifiana mpaka mkalala wote wawili. Chukua kitambaa ufute hivi."

Basi tukaanza. Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia ngumi ukutani, tii, tii. Nikiwa mvivu kujibu, ngumi ziliongezeka, na mume wangu akasema, "Mjibu tafadhali, kabla ukuta haujaanguka." Asubuhi tulikutana kisimani. "Umesoma?" "Nimesoma." "Yote?" "Yote isipokuwa mwisho, nilisinzia." "Rudi ukamalize." Hivyo tu, bila salamu ndefu. Lakini siku niliyopata homa alikuja na uji, akanikanda miguu kutwa nzima, akanisomea uradi kwa sauti ya chini ili niufuate kwa midomo. Siku hiyo nilianza kumwita shoga. Yeye aliendelea kuniita dada, kwa sauti ya karani.

Alhamisi moja wadudu wa ziwani walitoka. Anayekaa Musoma anawajua: wanainuka majini kama moshi, upepo ukigeuka wanaingia mjini na kujaa kila mahali. Sisi tulikuwa tumefika kwenye pumzi, midomo wazi, macho yamefungwa. Nikavuta pumzi, nikavuta na wadudu. Nikakohoa. Mama wa hotelini naye akakohoa. Halafu mtu upande wa mlango akasema kwa sauti ya ibada kabisa, "Wana chumvi," na hapo nilikwisha. Nilicheka mpaka machozi, nikajiuma kanga, mabega yakatetemeka, na duara zima likaanza kutetemeka pamoja nami. Shoga yangu peke yake aliendelea na dhikri, uso kama ubao, huku vidole vyake vikinifinya pajani kwa nguvu za ajabu.

Tulipomaliza nilidhani Bibi atanifukuza. Akasema, "Huyu amecheka kwa sababu moyo umefunguka. Huyu amefinya kwa sababu anaiheshimu halaka, duara letu hili. Nilipowaweka pamoja nilikuwa nayangoja haya."

Mimi nilifurahi. Shoga yangu hakufurahi hata kidogo.

Baada ya hapo akaanza kuongeza. Mwenzi huona mambo hayo kabla ya mtu mwingine. Ngumi za ukutani zikaja mapema zaidi, usiku bado mzito. Nilipomuuliza kisimani kama amesoma, alisema, "Nimesoma mara nyingi," na macho yalikuwa mekundu. Akafunga Jumatatu na Alhamisi, kisha akafunga na siku nyingine. Nilimwambia, kama tulivyoagizwa, "Shoga, umebadilika. Unakuwa mkali." Akajibu, "Nyie mnapenda kahawa kuliko dhikri."

Akaenda kwa Bibi kuomba aingie halwa, yaani akae peke yake katika ibada bila kuonana na watu. Nilikuwepo, nikitwanga iliki. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Halwa ipo," alisema. "Lakini hata mwenye halwa hakai peke yake unavyofikiri. Anaingia kwa ruhusa. Kuna mtu wa kumletea chakula na kuhakikisha amekula. Kuna mtu wa kumuuliza kila siku ameona nini, na kumwambia hili acha, hili endelea. Na anaingia mtu ambaye ameshajifunza kuishi na watu. Wewe bado unawakimbia. Subiri."

Hakusubiri. Mumewe alikuwa safarini na lori msimu mzima wa pamba, na mama yake alikuwa Butiama na kijumba kitupu nyuma ya nyumba yake. Akafunga mkeka wake na tasbihi, akaondoka bila kuniaga. Nilijua kwa sababu alfajiri ukuta ulikaa kimya.

Nitasema ukweli ulivyokuwa: asubuhi ya kwanza nililala nikafurahi. Usingizi ulikuwa mtamu kama asali ya porini. Ya pili pia. Kufikia Alhamisi nilikuwa nasoma uradi wangu saa nne, nikikaanga samaki wa kuuza, na nikifika katikati mteja anaita, najibu bei, nasahau nilipofikia, naanza upya, samaki wanaungua. Baada ya siku chache nikaacha kuanza upya. Sikuwa na mtu wa kuniuliza "Yote?" Niligundua kwamba udini wangu wote ulikuwa umeshikiliwa na ngumi ya mtu mwembamba upande wa pili wa udongo. Ilinichekesha, na ilinitia hofu kidogo.

Siku moja mchuuzi wa mtama kutoka Butiama akaleta ujumbe kwa mdomo: mama wa shoga yangu anasema binti yake anakulaga kidogo sana, haongei, na anaona nuru.

Bibi akanitazama. "Nenda wewe."

"Mimi, Bibi? Mimi siku hizi hata alfajiri siamki."

"Najua. Ndiyo maana nakutuma. Unamhitaji, na yeye anakuhitaji. Ningemtuma mjuzi wangebishana."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Kula naye. Lala. Someni uradi mdogo, ule nilioutoa, pamoja. Ukicheka, cheka."

Nilipanda lori lililokuwa linarudi tupu, nikakaa juu ya magunia matupu na akina mama wawili wa Kizanaki waliobeba samaki wakavu, na kila shimo la barabara liliturusha hewani wote watatu pamoja, tukapiga kelele, tukashuka, tukaangua kicheko. Nilifika Butiama nina mavumbi mpaka kwenye nyusi.

Mama yake alinipokea kwa mikono miwili. "Mwanangu, afadhali umekuja. Mimi nilikuwaga namsikia akiomba, nafurahi. Sasa anaomba kama mtu anayegombana." Akanionyesha kijumba.

Shoga yangu alikuwa amekaa juu ya mkeka, mashavu yameingia ndani. Alinitazama kwa upole wa ajabu, kama mtu aliye juu ya mti anavyomtazama mtu aliye chini.

"Umekuja, dada," alisema. "Ni vizuri. Nitakuonyesha."

Nikaleta ugali wa mtama na maziwa ya mgando aliyonipa mama yake. Nikala mbele yake, kwa sauti, kama nilivyo. Nilipofika nusu akanyoosha mkono akamega tonge dogo. Akamega jingine.

Kisha akanisimulia. Kila asubuhi, baada ya kusali alfajiri akiendelea na tasbihi mpaka jua litoke, nuru inakuja ukutani. Ni ya duara, ukubwa wa kiganja, nyeupe, inatetemeka. Inapanda, inashuka, inakwenda kulia, wakati mwingine inamgusa usoni. Na nuru inapokuja, anasikia neno moyoni.

"Neno gani?"

"Kwamba nimeshafika. Kwamba nyie bado mko njiani, na mimi sina haja tena ya duara wala Bibi."

Nikauliza swali pekee lililonijia. "Inakuja kila siku?"

"Kila siku. Isipokuwa Jumapili."

"Kwa nini Jumapili haiji?"

"Sijui. Siri."

Nililala pale. Alfajiri tulisali bega kwa bega, na nilipomwambia tusome ule uradi mdogo wa Bibi, kwa sauti moja, alikataa, kisha akakubali kwa kuwa mimi ni mgeni. Yeye alizoea kukimbia; maneno yalimtoka kama mtama unaomwagika guniani. Mimi siwezi kukimbia, ulimi wangu mzito asubuhi. Basi alilazimika kunisubiri. Alivuta pumzi, akasubiri. Akavuta pumzi tena. Nikaona mabega yake, yaliyokuwa juu kwenye masikio tangu jana, yanashuka taratibu. Na mimi, niliyekuwa nimeshindwa kuumaliza huo uradi kwa siku nyingi, niliumaliza kwa sababu sikutaka kumwacha katikati. Ndipo nilipoelewa kwa mwili kwa nini Bibi alikuwa anatukalisha magoti yakigusana. Mwenye mbio anazuiwa, mchovu anabebwa, na hakuna anayejua nani kambeba nani.

Jua likatoka. Mwanga wa kawaida uliingia kwenye kidirisha. Na kweli, ikaja.

Naapa niliiona. Duara jeupe juu ya udongo wa ukuta, linatetemeka. Lilipanda. Likatulia. Likashuka haraka, likazunguka. Kwa muda mfupi niliamini kila kitu: kwamba shoga yangu ni walii, na kwamba mimi muuza samaki nimejaliwa kuona. Machozi yalinitoka. Lile duara likapita juu ya pua yangu, likanipofusha jicho moja, na kwa mazoea tu ya mtu aliyemulikwa, nikageuka kutazama linatoka wapi.

Nikasimama, nikachungulia kidirishani.

Ng'ambo ya ua, jirani, tarishi wa baraza, mmoja wa wale waliorudi kutoka vitani, alikuwa amesimama kifua wazi, amening'iniza kioo kidogo kwenye kamba ya kuanikia nguo. Povu limejaa kidevuni. Alikuwa ananyoa ndevu ili aende kazini. Upepo ukapuliza kamba, kioo kikayumba, na nyuma yangu nuru ikacheza ukutani.

Na Jumapili baraza halifunguliwi.

Nilijaribu. Mungu ni shahidi nilijaribu. Niliweka kanga mdomoni, nikakaa chini, nikafikiria mazishi. Kicheko kilitoka puani kwanza, kama mbuzi, kisha kikatoka chote.

"Nini?" alisema. "Dada, nini? Unacheka mbele ya nuru?"

Nilimshika mkono nikamvuta kidirishani. Akatazama. Tarishi alikuwa amevuta shavu upande mmoja na kutoa ulimi ili anyoe kwenye kona. Shoga yangu akatazama kioo. Akageuka akatazama ukuta. Akatazama kioo tena. Nikaogopa, kwa sababu uso wake ulivunjika, na nilidhani nimemuumiza pabaya.

Kisha ikatoka sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Ko, ko, ko. Kama kuku aliyetaga. Ilikuwa kicheko chake. Alicheka huku amejishika mbavu, akakaa, akalala ubavu juu ya mkeka, akasema "Jumapili!" akaanza upya. Mama yake alikuja mbio akidhani tumepatwa na wazimu. Tarishi naye alisogea na povu lake, akauliza kwa heshima, "Kuna tatizo, akina mama?" Ndipo tulipokwisha kabisa.

Baadaye alilia pia, kichwa mapajani mwangu. Hakulia kwa sababu ya kioo. "Lile neno," alisema. "Nililisikia kweli. Nililipenda." Nilimsuka nywele. Alikula ugali wote, akalala mchana kutwa, na jioni tukasoma tena, polepole.

Tuliporudi Musoma tulikwenda moja kwa moja kwa Bibi. Nilitarajia karipio. Bibi alisikiliza habari ya tarishi na kioo akiwa ametulia, kisha mabega yakaanza kumtetemeka, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Alipotulia akamgeukia shoga yangu.

"Kioo kiache. Nuru ilikuambia nini?"

Akamwambia.

"Basi sikiliza. Hata kama isingekuwa kioo cha mtu. Hata kama ingekuwa nuru kweli. Kinachokwambia umewapita wenzako na huwahitaji tena, usikifuate. Hapo ndipo ungejua haikutoka kwa Mungu. Lakini peke yako ungejuaje? Nafsi ni yako, sauti ni yako, na anayeisikia ni wewe. Hakuna wa kukwambia geuka utazame dirishani." Akanigeukia mimi, na nikajua zamu yangu imefika. "Na wewe uliyelala, ungeendelea kulala. Mungu hakukosa njia ya kuwaamsha, alikwisha kuwapa: ni nyie wenyewe. Mnadhani nilianzisha hii kahawa kwa sababu napenda kahawa?"

"Unaipenda, Bibi," nilisema.

"Naipenda," alisema. "Leteni vikombe."

Alhamisi ile shoga yangu alikaa duarani, goti lake kwenye goti langu. Alikuwa mwepesi mno. Pumzi zilipopanda, chumba kizima kilipanda, na nilifungua jicho moja nikaona anatabasamu, meno yote nje, mazuri, meupe, yaliyokuwa yamefichwa miaka yote. Hakuongeza uradi tena. Mimi sikuupunguza; nikitaka kulala, ukuta ulikuwa tena na ngumi. Mumewe aliporudi na lori alimkuta mkewe anapiga soga na muuza furu, akarudi mlangoni kuhakikisha hajakosea nyumba.

Miaka ikaenda. Wanawake wa Bunda, wake za wachuuzi na za wafanyakazi wa pamba, walipeleka habari kwa Bibi kwamba nao wanataka duara, awapelekee mtu. Bibi akasema mtu mmoja hampeleki. Atapeleka watu wawili.

Tulikwenda mimi na yeye, mimi nikirudi mji niliozaliwa, yeye akiwa na kikapu cha kofia za kuuza. Tulipewa chumba cha bati karibu na soko. Alhamisi ya kwanza tulifagia, tukatandika mikeka ya kutosha watu ishirini, tukachemsha birika kubwa, tukangoja. Akaja mwanamke mmoja. Mtu mzima, sikio moja halisikii vizuri. Akatazama mikeka yote ile, akauliza, "Wenzangu wako wapi?"

"Ni sisi," alisema shoga yangu, akamsogezea nafasi katikati yetu.

Tulipoanza tu, mvua ikashuka juu ya bati kwa kishindo, hata hatukusikia tunachosoma. Yule mama akaongeza sauti. Nasi tukaongeza. Mvua ikaongeza. Mwishowe tulikuwa wanawake watatu tunapaza jina la Mungu kwa nguvu zote za mapafu, mishipa imetutoka shingoni, magoti yakigongana, na upande wangu wa kulia nikasikia, juu ya mvua, juu ya kila kitu, ko, ko, ko.